Notisi imetoka, dalali yuko mlangoni: mpangaji wa fremu ajibu nini?

Wiki hii ukurasa huu unaweka kando bei za vitenge na mashuka na kuangalia jambo linalowasumbua wafanyabiashara wengi wa Kariakoo, hasa katika Mtaa wa Msimbazi na mitaa inayoukata. Mwenye nyumba ametoa notisi ya miezi mitatu. Mpangaji ameikubali, na ameanza kutafuta fremu nyingine. Kabla wiki haijaisha simu inapigwa, au dalali anatokea mlangoni na watu wawili, na ombi ni lile lile: "Tunaomba kuwaonyesha wateja fremu."

Wapangaji wengi hujibu kwa namna moja kati ya mbili, na zote mbili zina hasara. Wapo wanaokataa kabisa kwa hoja kwamba kodi wamekwisha kulipa na mlango ni wao mpaka siku ya mwisho. Wapo wanaosema "karibuni tu", kisha kwa miezi mitatu duka linageuka kuwa njia ya kupita. Jibu la tatu ndilo bora: kukubali kwa maandishi, kwa saa maalumu, na kwa sharti la kuarifiwa mapema. Jibu hilo halina ugumu, ila linahitaji kuandikwa kwa hesabu.

Tuanze na haki zenyewe. Zamani mpangaji wa mjini alikuwa na kinga ya Sheria ya Kuzuia Pango ya 1984 pamoja na mabaraza yake ya nyumba. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo, mahusiano ya mwenye nyumba na mpangaji yanaongozwa na mkataba wao na Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 katika sehemu yake ya upangishaji. Sheria hiyo inaweka masharti ambayo huhesabiwa kuwamo katika kila mkataba hata kama hayakuandikwa. Mojawapo ni kwamba mpangaji anayelipa kodi na kutimiza masharti yake atakaa kwa utulivu bila kubughudhiwa na mwenye nyumba. Jingine ni kwamba mwenye nyumba, yeye mwenyewe au kwa wakala wake, anaweza kuingia kwa wakati unaofaa ili kukagua hali ya jengo na kufanya matengenezo, mradi asiingilie shughuli za mpangaji kupita kiasi.

Msomaji aone pengo lililopo hapo. Kukagua nyufa na mabomba kumetajwa, lakini kumleta mgeni aangalie kama atapenda kupanga ni jambo jingine. Mikataba mingi ya fremu Kariakoo, ile ya karatasi mbili inayonunuliwa stesheni na kujazwa kwa kalamu, haisemi lolote juu yake. Kwa hiyo ruhusa ya kuonyesha wateja, kwa vitendo, hutoka kwa mpangaji, na anayetoa ruhusa ndiye mwenye nafasi ya kuipangia masharti. Barua ya kujibu ombi hilo ni mkataba mdogo wa miezi iliyobaki, na ndiyo maana inafaa iandikwe hata kama ombi lilikuja kwa mdomo.

Kwa nini basi asikatae moja kwa moja? Kwanza, mwenye nyumba bado ameshika vitu vya mpangaji. Kama kuna fedha ya dhamana, iko mikononi mwake. Wiki mbili za ziada, endapo fremu mpya itachelewa kumalizika, ataziomba kwa mtu yule yule. Pili, mara nyingi mpangaji ameweka rafu, makabati ya vioo, dari na taa kwa fedha zake, na mnunuzi wa kwanza wa vitu hivyo ni mpangaji anayekuja. Akishapanga mtu mwingine bila kuviona, kitakachofuata ni kung'oa na kuuza mbao kwa bei ya kuni. Tatu, kama mpangaji alitoa kilemba wakati anaingia, tumaini lake dogo la kurudishiwa chochote limo katika mazungumzo ya watu watatu, yaani yeye, mwenye nyumba na anayeingia, na mazungumzo hayo hayawezi kufanyika mlango ukiwa umefungwa.

Lakini kufungua mlango ovyo kuna gharama ambayo haionekani kwenye daftari mpaka imeshatokea. Duka la rejareja la ghorofa ya chini huingiwa na kila mtu, kwa hiyo mtu wa kuangalia fremu hana tofauti na mteja. Hatari ipo kwenye stoo, na ipo kwenye habari. Anayeingia stoo anaona marobota mangapi yamebaki, na jina la mwagizaji lililoandikwa juu yake. Kama mgeni huyo ni mfanyabiashara wa bidhaa zile zile, na Kariakoo mara nyingi ndivyo ilivyo, ameshajua mzigo wako unatoka kwa nani na unakwenda kwa kasi gani.

Habari ni mbaya zaidi. Biashara ya jumla hapa inakwenda kwa mali kauli: mteja wa Songea au Tunduma anachukua mzigo leo na kulipa akishauza. Tuseme mpangaji wetu ana shilingi milioni 18 nje kwa mtindo huo, kwa wateja kumi na wawili. Dalali akipiga picha ya duka, ubao wa jina ukionekana, na kuituma katika makundi ya wasapu kwa maneno "fremu inapangishwa", hadi jioni wateja hao wanaamini kwamba jamaa anafunga. Mdaiwa anayeamini hivyo hupunguza mwendo wa kulipa. Wakati huo huo, mwagizaji aliyekuwa akimpa mzigo kwa siku thelathini naye anataka taslimu. Mtu anabanwa pande mbili na mtaji, na chanzo ni picha moja tu. Kwa sababu hiyo kazi ya kwanza, kabla hata ya kujibu barua, ni mpangaji kuwapigia mwenyewe wateja wake wakubwa na kuwaambia anahamia wapi na lini. Habari ikitoka kwake ni ya kuhama. Ikitoka kwa dalali inageuka kuwa ya kufilisika.

Sasa tuchukue mfano na kuufuata mpaka mwisho. Fremu iko karibu na Msimbazi, ina duka chini na stoo nyuma. Kodi ni shilingi 1,200,000 kwa mwezi, na ililipwa kwa miezi sita, Aprili hadi Septemba, jumla 7,200,000. Notisi ilitolewa tarehe 30 Juni na inakwisha tarehe 30 Septemba. Miezi hiyo mitatu ina siku 92, na mpangaji amekwisha kuilipia shilingi 3,600,000, yaani karibu shilingi 39,000 kwa kila siku. Anachokikatia saa, kwa hiyo, ni mali aliyoinunua.

Hatua ya kwanza ni kujua saa zipi hazina gharama kubwa. Mpangaji huyu aliangalia daftari lake la mauzo la wiki nne. Wanunuzi wa mikoani na wa nchi jirani humjia asubuhi, wengi kabla ya saa 7 mchana, kwa sababu wanataka mzigo ufungwe na kupelekwa kwenye magari siku ile ile. Kati ya saa 7 na saa 10 ndiyo saa ya kufunga marobota na kuita mikokoteni, na hapo mlango wa stoo hauna nafasi ya mgeni. Baada ya saa 10 na nusu jioni mambo hupoa. Jumapili hafungui, lakini yuko tayari kuja asubuhi. Ijumaa mchana ana swala, kwa hiyo siku hiyo haiguswi.

Akatoa Jumanne na Alhamisi, saa 10:30 hadi 11:30 jioni, na Jumapili saa 4 hadi saa 6 asubuhi. Hizo ni saa nne kwa wiki. Kila msafara ukipewa dakika 20, zinatosha misafara 12 kwa wiki, na kwa wiki 13 za notisi ni zaidi ya 150. Hakuna fremu Kariakoo inayohitaji kuonwa na misafara 150 ili ipate mtu. Hesabu hii ina kazi yake: mwenye nyumba akilalamika kwamba amebaniwa, namba zinamjibu, na hata mbele ya msuluhishi zitaonyesha kwamba mpangaji hakuzuia. Kwa anayelipa mwezi kwa mwezi bila mkataba wa muda maalumu, sheria huhesabu upangaji wake kwa kipindi cha kodi, na notisi inaweza kuwa ya mwezi mmoja tu. Huyo atapata misafara 48 kwa saa hizo hizo, na busara ni kuongeza saa moja mahali fulani.

Jambo la taarifa linataka uangalifu kuliko saa. Wapangaji wengi huandika "naomba taarifa mapema" na kuishia hapo. Mapema ni lini? Dalali akipiga simu akiwa kwenye kona ya Mtaa wa Kongo, kwake hiyo ni mapema. Taarifa inayofaa inataja mwisho wake: siku moja kabla, isizidi saa 11 jioni, kwa ujumbe wa maandishi kwenye simu moja iliyotajwa. Ujumbe na si kupiga, kwa sababu ujumbe hubaki. Tena ujumbe useme wanakuja wangapi, saa ngapi, na wanafanya biashara gani. Hili la mwisho wengine huliona ni udadisi, lakini ndilo linalomwezesha mpangaji kuamua kama stoo ifunikwe kwa turubai au la.

Halafu kuna suala la madalali wenyewe. Dar es Salaam fremu moja hutangazwa na madalali kumi bila yeyote kuwa na haki ya peke yake, na baadhi yao humtoza mteja fedha ya kuonyeshwa hata asipopanga. Dalali wa namna hiyo anapata kipato kwa kuonyesha, si kwa kupangisha, na fremu yako inakuwa kama sinema. Dalili zake hazifichiki: watu hawarudi mara ya pili, hawaulizi kama mita ya umeme ni ya peke yake au ya pamoja, hawaulizi choo, na hawaulizi kodi inalipwa kwa miezi mingapi. Mteja wa kweli huuliza hayo kabla hajamaliza dakika tano. Dawa yake ni kumtaka mwenye nyumba ataje mtu mmoja tu, kwa jina na namba ya simu, ambaye misafara yote itapitia kwake.

Baada ya hapo barua inaandikika. Ya mfano wetu ilikuwa hivi:

"Mheshimiwa mwenye nyumba,

Yah: Kuonyesha fremu wakati wa notisi

Shikamoo mzee. Rejea ombi lako la tarehe 6 Julai. Nimekubali wateja waletwe kuangalia fremu ninayopanga kwako, wakati notisi yako inayokwisha tarehe 30 Septemba ikiendelea.

Kwa kuwa nafanya biashara muda wote, naomba wateja waje Jumanne na Alhamisi kati ya saa 10:30 na saa 11:30 jioni, na Jumapili kati ya saa 4 na saa 6 asubuhi. Naomba niarifiwe siku moja kabla, isizidi saa 11 jioni, kwa ujumbe kwenye simu yangu unayoifahamu, nikielezwa idadi ya watu, saa na aina ya biashara yao. Nami nitajibu usiku huo huo. Ikitokea siwezi, nitataja nafasi nyingine ndani ya siku tatu.

Naomba pia utaje dalali mmoja atakayeleta wateja wote, wasizidi watatu kwa mara moja, na kwamba mimi au kijana wangu wa dukani tuwepo. Picha zisipigwe mali ikiwa ndani. Ukizihitaji, nitasogeza mzigo Jumapili ili zipigwe kuta na sakafu, bila ubao wa jina langu.

Ikitokea jambo la dharura la jengo, kama bomba kupasuka au hitilafu ya umeme, njoo saa yoyote.

Barua hii haibadilishi muda wa notisi wala haki ya upande wowote chini ya mkataba wetu. Naomba utie sahihi nakala moja unirudishie.

Mpangaji wako,"

Tuangalie maneno machache ndani yake. Sentensi ya kwanza inakubali kabla ya kutaja sharti lolote. Mzee akisoma mstari wa kwanza na kukuta "ila" au "isipokuwa", atasoma barua nzima kama ugomvi. Saa zimeandikwa "kati ya saa hii na saa hii", kwa kuwa neno "jioni" peke yake huanza saa 9 kwa mtu mmoja na saa 12 kwa mwingine. Ahadi ya kutoa nafasi nyingine ndani ya siku tatu inamfunga mpangaji mwenyewe, na bila hiyo mwenye nyumba ana haki ya kushuku kwamba kila siku itakuwa "siwezi". Dharura imetengwa, kwa sababu pale haki ya mwenye nyumba kuingia ni ya kweli na kuipinga ni kujidhulumu: maji yakimwagika kwenye stoo ya vitenge hasara ni ya mpangaji.

Mstari kuhusu muda wa notisi unaonekana mdogo lakini usiachwe. Mara nyingine mteja akipatikana mwezi wa pili, mwenye nyumba huanza kusema kwamba mpangaji "alishakubali kuondoka" kwa kuwa aliruhusu watu waangalie. Kama mpangaji anabishania uhalali wa notisi yenyewe, mstari huo ni wa lazima zaidi. Na kuna kitu kimoja ambacho barua haikukitoa, nacho ni ufunguo. Ufunguo wa akiba ukishatoka mkononi, saa zote ulizopanga hazina maana, na likipotea robota moja hakuna atakayekubali kwamba lilipotea zamu yake.

Je, mwenye nyumba akikataa kutia sahihi? Wengi hukataa, si kwa ubaya bali kwa kuogopa karatasi. Mpangaji apige picha barua na kumtumia kwenye simu siku hiyo hiyo, kisha aanze kufuata saa hizo kana kwamba zimekubaliwa. Mwenye nyumba akileta wateja Jumanne saa 10:40, kwa vitendo amekubali.

Shida hutokea anapokuja nje ya saa. Katika mfano wetu ilitokea wiki ya tatu, Jumamosi asubuhi, duka limejaa, dalali ambaye si yule aliyetajwa akaja na watu watano. Kijana wa dukani alifanya sawasawa: hakugombana, aliwaachia waangalie sehemu ya duka kama wateja wengine, akakataa kufungua stoo, akawataka warudi Jumapili. Jioni mpangaji aliandika kwenye daftari tarehe, saa, idadi ya watu na dakika walizokaa, akamtumia mwenye nyumba ujumbe wa mistari miwili kumkumbusha makubaliano. Mara moja ni bahati mbaya. Ikifika mara tatu, mistari hiyo ya daftari ndiyo ushahidi wa kubughudhiwa.

Hapo njia ya kwanza ni Serikali ya Mtaa, ambako mwenyekiti mara nyingi anamfahamu mzee huyo na simu moja inatosha. Usuluhishi ukishindikana, mashauri ya nyumba huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, chombo kilichowekwa na Sheria Na. 2 ya 2002. Lakini tuseme ukweli: shauri la kero za miezi mitatu linaweza kumalizika mpangaji akiwa ameshahama na kusahau. Baraza lina maana kubwa pale mambo yanapozidi, kwa mfano mwenye nyumba akifunga fremu kwa kufuli lake kabla ya siku, au akishikilia mali. Kwa kero ya kuonyesha wateja, silaha ya mpangaji ni barua, daftari na ule mlango wa stoo.

Mfano wetu uliishaje? Mteja alipatikana msafara wa tisa, mwuza viatu. Alikuja mara ya pili peke yake Jumapili, akapima ukuta kwa futi kamba, akauliza mita. Mpangaji alimwuzia rafu na makabati kwa shilingi 850,000, akamwachia dari bure kwa kuwa kuing'oa kungegharimu zaidi ya mbao zake. Mwuza viatu alitaka kuingia tarehe 15 Septemba. Kwa kuwa barua ilisema muda wa notisi haubadiliki, alilazimika kuomba, na mpangaji aliondoka mapema baada ya kurudishiwa kodi ya nusu mwezi, shilingi 600,000, kwa risiti.